Asilimia 20 Mbili Kwenye Tangazo Moja

Mpunga wa Usangu ukishavunwa na mashine za kukoboa za Ubaruku zikaanza kunguruma kutwa, fedha huonekana mjini, na wauzaji wa vipodozi wanalijua hilo. Ndio msimu ambao simu za wateja hupokea ujumbe wa aina hii. Huu umetungwa kwa ajili ya sura hii, ila kila anayenunua mafuta ya kupaka atautambua:

"Habari mteja wetu. Miguu imekaa kwenye majaruba miezi mingi, sasa ihudumie. Tumeleta krimu MPYA ya kuondoa magaga, yenye yurea asilimia 20. Kopo la gramu 100, bei ya kawaida shilingi 12,000. Kwa siku tatu tu utalipata kwa 9,600, punguzo la asilimia 20! Wahi, makopo ni machache."

Tangazo hilo lina asilimia 20 mbili. Moja ni kiasi cha yurea ndani ya kopo, nyingine ni kiasi kilichokatwa kwenye bei. Mwandishi wa tangazo ameitilia alama ya mshangao ile ya pili, na macho ya wengi huishia hapo. Kwa mtu mwenye visigino vilivyopasuka, iliyo muhimu ni ile ya kwanza.

Magaga huanza pale ngozi ya kisigino, ambayo tayari ni nene kuliko ngozi ya sehemu nyingine, inapopoteza maji na kukakamaa. Mtu anaposimama, nyama laini iliyo chini ya kisigino hutanuka kwa uzito wa mwili. Ngozi yenye unyevu hutanuka nayo. Ngozi kavu haiwezi, hivyo hupasuka. Mkulima wa majaruba anapata pigo mara mbili: maji na tope huondoa mafuta ya asili ya ngozi, kisha huja miezi ya baridi na upepo mkavu, Juni hadi Agosti, ambayo watu wa Mbeya na Iringa wanaifahamu vizuri kwa jinsi inavyopausha hata midomo.

Mafuta ya mgando, yaliyopewa hataza Marekani mwaka 1872 na kuenea hadi kila duka la kijijini, husaidia kwa njia moja tu. Hufunika ngozi ili maji yaliyomo yasitoke. Hayawezi kulainisha ukoko mgumu ambao umekwisha kujengeka.

Yurea hufanya kazi nyingine. Mkulima wa Ubaruku anaifahamu kama mbolea ya kukuzia, ile ya mfuko wa kilo 50 yenye naitrojeni asilimia 46, na huenda akashangaa kuiona kwenye kopo la krimu. Lakini yurea imo hata ndani ya ngozi yenyewe, kwenye mchanganyiko wa asili unaoshika maji katika tabaka la juu. Mwanakemia Mjerumani Friedrich Wöhler aliitengeneza maabara mwaka 1828, na tangu hapo haikuhitajika kutolewa kwenye mkojo wa mtu wala mnyama. Ya kwenye krimu imesafishwa kwa matumizi ya ngozi. Ya mfukoni ina masalia mengine na haikupimwa kwa ajili hiyo, hivyo kuikoroga na mafuta nyumbani ili kuokoa fedha ni kujitafutia vidonda.

Kiasi ndicho kinachoamua kazi. Yurea ya asilimia 5 hadi 10 huvuta maji na kuyashika, na inatosha kwa mikono na miguu iliyopauka. Ikifika asilimia 20 au 25, inaanza kulegeza protini ngumu inayoshikilia seli zilizokufa, na ule ukoko wa kisigino unasuguliwa kwa urahisi. Asilimia 40 hutumiwa kulainisha hata kucha zilizoharibika, na hiyo ni kazi ya kufanywa kwa maelekezo ya mhudumu wa afya. Kwa hiyo asilimia 20 iliyoandikwa kwenye tangazo letu inafaa kweli kwa magaga, ikiwa imo ndani ya kopo.

Mteja anaweza kuihakiki kwa kiasi fulani bila maabara. Viambato kwenye lebo hupangwa kwa uzito, kilicho kingi kikitangulia, na vile ambavyo havifiki asilimia 1 vinaweza kufuatana kwa mpangilio wowote mwishoni. Krimu yenye yurea asilimia 20 itaanza hivi: Aqua, Urea, kisha mafuta na vingine. Kuna kihifadhi kinachoitwa Phenoxyethanol, ambacho kanuni za Ulaya hukiwekea ukomo wa asilimia 1 na viwanda vingi huufuata. Neno Urea likionekana baada ya kihifadhi hicho, maana yake kwa kawaida ni kwamba yurea iliyomo haizidi asilimia 1. Hiyo ni yurea ya kutajwa kwenye tangazo, haitalainisha kisigino cha mtu yeyote.

Kuna la kunusa pia. Yurea ikikaa kwenye maji muda mrefu huvunjika polepole na kutoa amonia, hasa penye joto. Viwanda huongeza viambato vya kuizuia, lakini kopo lililokaa dirishani juani au kwenye stoo ya bati linaweza kuharibika kabla ya tarehe yake. Kifuniko kikifunguliwa na harufu ya choo cha mkojo ikapanda, krimu hiyo imekwisha kazi, hata kama lebo inasema bado mwaka mzima.

Sasa turudi kwenye asilimia 20 ya pili.

Tangazo linasema bei ya kawaida ni 12,000. Linasema pia kwamba krimu ni mpya. Kama imeingia dukani wiki hii, nani aliwahi kuinunua kwa 12,000? Hakuna. Bidhaa mpya haina bei ya zamani, na punguzo linalopimwa kwa bei ambayo haijawahi kulipwa ni hesabu ya kwenye karatasi tu. Huko Ulaya, kanuni zilizoanza kutumika Mei 2022 humtaka muuzaji anayetangaza punguzo ataje bei ya chini kabisa aliyoitoza katika siku 30 zilizotangulia. Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na upotoshaji kuhusu bei umo ndani yake. Muuzaji wa Ubaruku anayetaka kusema kweli ana njia rahisi: aandike "bei ya kuanzia ni 9,600, kuanzia tarehe fulani itakuwa 12,000". Ujumbe unabaki na mvuto uleule, na akiipandisha kweli siku hiyo, hakuna aliyedanganywa.

Mteja naye ana kipimo kisichotegemea neno la muuzaji. Agawanye bei kwa gramu. Kopo la gramu 100 kwa 9,600 ni shilingi 96 kwa gramu moja. Jirani anauza krimu yenye kiasi kilekile cha yurea, kopo la gramu 50 kwa 6,500. Hiyo ni 130 kwa gramu. Hapo lile la punguzo ni nafuu kweli, na lingekuwa nafuu hata kwa 12,000, yaani shilingi 120. Kama la jirani lingekuwa gramu 75, mambo yangegeuka: shilingi 87 kwa gramu, na lile lisilo na tangazo lolote ndilo lingeshinda.

Linabaki suala la siku tatu. Ujumbe unaosema "siku tatu tu" bila kutaja tarehe unaweza kutumwa na kutumwa tena kwa mwezi mzima, na kila anayeupokea atahesabu siku zake mwenyewe. Tangazo lililokamilika hutaja siku, tarehe na saa. Lakini tatizo kubwa ni kwamba siku tatu hazitoshi kujua kama krimu inafaa. Miguu huoshwa jioni, hulowekwa dakika kumi kwenye maji ya vuguvugu, husuguliwa taratibu kwa jiwe, hukaushwa, ndipo krimu inapakwa na soksi kuvaliwa usiku. Ukifanya hivyo kila siku, tofauti huonekana baada ya wiki moja au mbili. Punguzo linakuwa limeshapita zamani.

Ndiyo maana kununua makopo manne kwa sababu "yanaisha" hakuna faida. Mguu mmoja wa mtu mzima, juu na chini, unahitaji takriban gramu moja ya krimu. Miguu miwili ni gramu mbili kwa usiku, kwa hiyo kopo la gramu 100 linafikisha siku 50, na zaidi kwa anayepaka visigino pekee. Kopo moja linatosha zaidi ya nusu ya msimu wa baridi. Akiba ya makopo matatu kabatini ni kuisubiri ile harufu ya amonia.

Wapo wasiopaswa kulinunua hata moja. Mpasuko unaotoa damu utawaka vikali kwa yurea ya asilimia 20, hivyo uachwe ufunge kwanza. Mwenye kisukari aonyeshe miguu yake kituo cha afya kabla ya kujipaka chochote cha kulainisha ukoko, kwa sababu huenda asihisi kidonda kikianza. Na weupe unaowasha katikati ya vidole mara nyingi ni fangasi wa maji ya majaruba, ambao yurea peke yake haiwatibu. Tangazo likiongeza kwamba krimu hiyo hiyo "inang'arisha na kutakatisha", mnunuzi ana sababu ya kuuliza kuna nini humo, maana haidrokwinoni na zebaki, viambato vya mkorogo, ni marufuku kwenye vipodozi nchini. Tangu Julai 2019 usajili wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, baada ya kutoka kwa iliyokuwa TFDA, na muuzaji anaweza kuulizwa usajili wa bidhaa yake bila kuona amevunjiwa heshima.

Upande wa pili wa meza, punguzo linamgharimu muuzaji kuliko linavyoonekana. Tuseme kopo limemfikia kwa shilingi 7,000 pamoja na nauli. Akiuza 12,000 anabaki na 5,000. Akiuza 9,600 anabaki na 2,600. Bei imeshuka kwa asilimia 20, faida imeshuka kwa asilimia 48. Makopo 30 kwa bei kamili yangempa faida ya shilingi 150,000. Kwa bei ya punguzo inabidi auze 58 apate kiasi hichohicho. Hesabu hiyo ina maana kwake ikiwa wanunuzi wa kwanza watarudi, na watarudi ikiwa visigino vimepona. Asipoona wakirudi, atajaribiwa kuongeza siku tatu nyingine, kisha nyingine. Punguzo likiongezwa mara ya tatu, wateja wake wameshaipanga bei wenyewe: krimu ile ni ya 9,600, na hatapata wa kumlipa 12,000.