Kalkulasi: kanuni ipi, lini, na alama ya kutoa hupotelea wapi

Novemba 1675, Gottfried Leibniz, mmoja wa waasisi wawili wa kalkulasi, alijiuliza swali katika karatasi zake: je, derivativu ya vitu viwili vinavyozidishwa ni derivativu ya kimoja mara derivativu ya kingine? Alijaribu, akaona haiwezekani. Ndipo akaendelea kutafuta kanuni iliyo sahihi, ile tunayoitumia mpaka leo. Ukitaka kuona alichokiona, chukua x mara x. Derivativu ya x ni 1, na 1 mara 1 ni 1. Lakini x mara x ni x², na derivativu yake ni 2x. Njia ya mkato imeanguka palepale.

Derivativu ni kasi ya mabadiliko ya funksheni, au mteremko wa grafu yake mahali fulani. Wanafunzi wengi wa kidato cha tano na sita hukariri kanuni zake bila shida. Maksi huwatoka sehemu mbili: kuchagua kanuni isiyo yake, na kudondosha alama ya kutoa njiani. Zote mbili zina dawa.

Tazama tendo la mwisho

Ukipewa funksheni ndefu, usikimbilie kanuni. Jifanye unaweka namba mahali pa x, tuseme 2, kisha ujiulize: nikipiga hesabu hii kwa kikokotoo, tendo la mwisho kabisa litakuwa lipi? Tendo hilo ndilo linalotaja kanuni ya kuanza nayo.

Kwa x²·sin x, utatafuta x², utatafuta sin x, na mwisho utazidisha. Basi anza na kanuni ya zao. Kwa sin(x²), utatafuta x² kwanza, kisha utabonyeza sin. Tendo la mwisho limefanyika juu ya jibu la tendo lililotangulia, kwa hiyo hiyo ni kanuni ya mnyororo. Kwa macho funksheni hizi zinakaribiana, lakini tendo la mwisho linazitenganisha mara moja.

Kanuni zenyewe ni chache. Hapa u na v ni funksheni za x, na kikoma kidogo cha juu kinamaanisha derivativu:

```
Kipeo:     xⁿ       →  n·xⁿ⁻¹
Jumla:     u ± v    →  u' ± v'
Zao:       u·v      →  u'v + uv'
Mgawanyo:  u/v      →  (u'v − uv') / v²
Mnyororo:  f(u)     →  f'(u)·u'

sin x → cos x       cos x → −sin x
eˣ → eˣ             ln x → 1/x
```

Kanuni ya kipeo ina sharti moja ambalo husahaulika: x iwe chini na namba iwe juu. Derivativu ya x³ ni 3x². Lakini 3ˣ ina x juu, kwa hiyo kanuni hiyo haiihusu. Derivativu yake ni 3ˣ·ln 3. Anayeandika x·3ˣ⁻¹ amevutwa na sura ya swali.

Kanuni ya mgawanyo ndiyo yenye hatari nyingi kuliko zote, hivyo ikwepe unapoweza. Kama sehemu ya juu ni namba tupu, kwa mfano 5/(2x − 1)³, igeuze iwe 5(2x − 1)⁻³ na utumie mnyororo. Kama sehemu ya chini ni kitu kimoja tu, mfano (x³ − 4x)/x², gawanya kwanza upate x − 4x⁻¹, kisha endelea kwa kanuni ya kipeo. Iache kanuni ya mgawanyo kwa swali lenye x juu na chini lisilokubali kurahisishwa.

Alama ya kutoa hupotelea hapa

Mahali pa kwanza ni kipeo hasi. Kupunguza 1 kutoka −2 ni kwenda −3, ila mkono uliozoea kuona kipeo kikipungua huandika −1. Derivativu ya x⁻² ni −2x⁻³. Hata ile x − 4x⁻¹ ya hapo juu inatoa 1 + 4x⁻², kwa sababu −4 mara −1 ni chanya 4.

Mahali pa pili ni ndani ya mnyororo. Mwanafunzi hushughulikia nje vizuri, akasahau kwamba kilichomo ndani nacho kina derivativu yake. Kwa e⁻ˣ, ndani mna −x, ambayo derivativu yake ni −1; jibu ni −e⁻ˣ. Kwa ln(4 − x), jibu ni −1/(4 − x). Kila unapoona x ikitanguliwa na alama ya kutoa ndani ya mabano au kwenye kipeo, tegemea −1 ya ziada.

Mahali pa tatu ni kosaini. Kuna njia rahisi ya kukumbuka: funksheni za pembe zinazoanza na "ko", yaani kosaini, kotanjenti na kosekanti, zote derivativu zake zinaanza na alama ya kutoa. Saini, tanjenti na sekanti hazina. Angalia alama zinapokutana mbili: derivativu ya cos(1 − x) ni −sin(1 − x) mara −1, yaani chanya sin(1 − x). Anayekumbuka hasi moja tu kati ya hizo mbili hupata jibu lenye alama iliyopinduka, na anayezisahau zote mbili hupata jibu sahihi kwa bahati, asijue ana kosa litakalomnasa swali linalofuata.

Mahali pa nne ni katikati ya kanuni ya mgawanyo. Kwenye zao unaweza kugeuza mpangilio bila madhara, maana kujumlisha hakujali kipi kimetangulia. Kwenye mgawanyo ukianza na uv' badala ya u'v, jibu lote linageuka alama. Shika hili: derivativu ya sehemu ya juu ndiyo inayotangulia. Halafu kila kinachofuata alama ile ya kutoa kitiwe ndani ya mabano hadi utakapomaliza kukizidisha.

Swali moja hatua kwa hatua

Tafuta derivativu ya

```
y = (1 − 2x)³ / (x² + 1)
```

Ukiweka namba mahali pa x, tendo la mwisho ni kugawanya. Sehemu ya juu ina x, ya chini ina x, na hairahisishiki. Hapa kanuni ya mgawanyo haikwepeki.

Kabla ya kuiandika, panga vipande vinne pembeni. Ya juu, u, ni (1 − 2x)³. Tendo lake la mwisho ni kupandisha kwenye kipeo cha 3, na ndani mna 1 − 2x, hivyo ni mnyororo: 3(1 − 2x)² mara −2, yaani u' = −6(1 − 2x)². Ya chini, v, ni x² + 1, na v' = 2x. Sasa pachika:

```
y' = [−6(1 − 2x)²(x² + 1) − 2x(1 − 2x)³] / (x² + 1)²
```

Usifungue mabano yote. Vipande vyote viwili vya juu vina (1 − 2x)², basi kitoe nje. Ndani kinabaki hiki:

```
−6(x² + 1) − 2x(1 − 2x)
= −6x² − 6 − 2x + 4x²
= −2x² − 2x − 6
```

Tazama ile +4x². Imetokana na −2x mara −2x. Wengi huandika −4x² hapo, kwa sababu wamelibeba lile toa la kwanza na kulisahau la pili. Jibu la mwisho ni

```
y' = −2(1 − 2x)²(x² + x + 3) / (x² + 1)²
```

Kujua kama umekosea

Sasa weka x = 1 kwenye jibu: −2 × 1 × 5 ÷ 4 = −2.5. Rudi kwenye swali lenyewe uone y inabadilika kiasi gani karibu na hapo. Kwa x = 1, y ni −0.5. Kwa x = 1.01, sehemu ya juu ni (−1.02)³, yaani −1.061208, ya chini ni 2.0201, y ni takriban −0.5253. Imeshuka kwa 0.0253 wakati x imepanda kwa 0.01. Gawanya: takriban −2.53. Inakaribiana na −2.5, na hiyo tofauti ndogo inatokana na hatua ya 0.01 kuwa na upana wake. Ukitumia 1.001 utapata takriban −2.503.

Lau ungesahau −2 ya ndani ya mnyororo na kuiandika 2, kipimo hicho hicho kingekupa 3.5. Ungegeuza mpangilio wa mgawanyo, ungepata 2.5. Ungeandika −4x² badala ya +4x², ungepata −4.5. Kila kosa linaacha namba yake, na hakuna hata moja inayokaribia −2.53. Namba zikilingana kwa ukubwa lakini zikipingana kwa alama, nenda moja kwa moja kwenye mpangilio wa mgawanyo. Zikiwa mbali kabisa, anza na derivativu ya ndani, kisha kagua mabano.

Kipimo hiki kina mipaka. Kinakagua mahali pamoja tu, hivyo usichague x = 0, ambako vipande vingi hugeuka sifuri na kuficha makosa. Katika swali letu, aliyeandika −4x² angepata −6 pale x = 0, sawa kabisa na mwenye jibu sahihi. Na kama swali lina saini au kosaini, weka kikokotoo kwenye radiani. Derivativu ya sin x ni cos x kwa radiani pekee. Ukikiacha kwenye digrii, kipimo kitakupa namba iliyo ndogo takriban mara 57 na utalifuta jibu lililo sahihi.

Kwa hiyo siku ya mtihani, kwa kila swali la mgawanyo au zao, andika u, v, u' na v' pembeni kabla ya kugusa kanuni, acha mabano yakae hadi mwisho, na ukipata nafasi pima jibu lako kwa x = 1 na x = 1.01. Mistari ile minne ya pembeni usiifute: msahihishaji akiona u' na v' zako ziko sawa, ana kazi ya kuipa maksi hata kama alama imekuponyoka mstari wa mwisho.