Kirusi cha Kuku Ndani ya Pafu la Mtu

Homa ya mafua ya ndege husababishwa na virusi vya mafua vya aina ya A, ambavyo makao yake ya asili ni bata mwitu na ndege wengine wa majini. Mwaka 2017 ugonjwa huu ulithibitishwa mashariki ya Kongo, baada ya kuku na bata wa kufugwa kufa kwa wingi katika vijiji vya ufuko wa Ziwa Albert, mkoani Ituri. Januari ya mwaka huo huo Uganda ilikuwa imekwisha kukuta buabua waliokufa katika ghuba ya Lutembe, karibu na Entebbe, na kirusi kilichopatikana katika nchi zote mbili kilikuwa H5N8. Katika jina hilo, H ni protini ya juu ya kirusi inayokiwezesha kushika seli ya mnyama na kuingia ndani yake, nayo N ni protini inayokata mshiko huo ili virusi vipya vipate kutoka na kwenda kushambulia seli nyingine.

Kwa wakazi wa Masisi na Walikale tukio la Ituri ndilo mfano ulio karibu zaidi, kwa kuwa mkoa huo unapakana na Kivu Kaskazini upande wa kaskazini, na kuku wa kienyeji hawana mpaka: husafirishwa katika matenga juu ya pikipiki, huuzwa na kununuliwa tena sokoni, na watu wanapokimbia vita, kama ilivyotokea Masisi mwanzoni mwa 2025, huondoka nao kwa sababu ndiyo mali inayobebeka. Zaidi ya hayo, katika vijiji hivi kifo cha kuku wengi kwa pamoja si jambo la kushtua, maana mdondo, ambao wengine huuita kideri, huua kuku karibu kila mwaka, na mfugaji aliyezoea mdondo huwachinja haraka waliobaki kabla hawajafa wenyewe. Uamuzi huo unaeleweka kabisa kwa mtu asiye na fidia wala nyama nyingine. Hata hivyo ndio unaomweka mikononi mwa kirusi, ikiwa ugonjwa ulioingia safari hii si mdondo.

Kuyatofautisha magonjwa haya mawili kwa macho ni kazi ngumu, kwa sababu yote mawili huleta kuhara kwa kijani, kuvimba kichwa, kukosa pumzi na vifo vya ghafla, na jibu la hakika hutoka maabara tu. Lakini ipo dalili moja ambayo mfugaji hana budi kuipa uzito. Mdondo huua kuku na kwa kawaida huwaacha bata wakiwa wazima, ilhali virusi vikali vya H5 vya miaka ya karibuni vinaweza kuua kuku na bata kwa pamoja, kama ilivyoonekana Ituri. Boma ambalo bata wanakufa pamoja na kuku, na ambalo kuku wana vishungi vilivyogeuka rangi ya zambarau na madoa ya damu chini ya ngozi ya miguu, linapaswa kutiliwa shaka ya mafua ya ndege tangu siku ya kwanza.

Hatari kwa mtu haimo hasa katika kula, kwa maana nyama au yai lililopikwa hadi joto la nyuzi 70 za Selsiasi kote ndani halina kirusi kilicho hai. Hatari imo katika kazi inayotangulia chungu: kuchinja, kunyonyoa manyoya, kupasua na kutoa matumbo, kuosha tenga na kufagia banda. Kuku anayeumwa hubeba kirusi katika damu, kamasi, kinyesi na hata kwenye manyoya, na mtu anayemnyonyoa akiwa ameinama juu yake huvuta matone madogo na vumbi lenye virusi vingi mno kwa muda mfupi. Nchini Misri, ambako zaidi ya watu 350 walithibitishwa kuambukizwa H5N1 tangu 2006, wengi walikuwa wanawake na watoto wa nyumba zinazofuga kuku, yaani wale wale ambao katika Masisi na Walikale hukabidhiwa kazi hiyo.

Virusi vya H5 havifanani katika ukali. H5N8 iliyofika Ituri imeonekana kuwa nyepesi kwa watu: wafanyakazi saba wa shamba la kuku kusini mwa Urusi, waliokutwa nayo Desemba 2020, hawakuugua sana. Ndugu yake H5N1, wa ukoo ule ule ulioanzia kwa mabata bukini wa Guangdong, China, mwaka 1996, ni habari nyingine. Mwaka 1997 iliwapata watu 18 huko Hong Kong na kuua sita, na tangu 2003 Shirika la Afya Duniani limepokea taarifa za wagonjwa zaidi ya 900, ambao karibu nusu yao walikufa. Kiwango hicho pengine kinazidi uhalisia, kwa kuwa aliyepata homa ndogo akapona nyumbani hakuhesabiwa. Lakini kwa wale wanaofika hospitali wakiwa na nimonia, ukali wake hauna shaka.

Chanzo cha ukali huo ni mahali ambapo kirusi hushika. Seli za njia ya hewa zina vipokezi, yaani sehemu za juu ambazo kirusi hujishikiza, vinavyotokana na sukari iitwayo asidi ya sialiki, na sukari hiyo huungwa na sukari nyingine kwa namna mbili. Namna ya kwanza imejaa katika matumbo na mapafu ya ndege. Ya pili imejaa katika pua, koo na mirija mikubwa ya hewa ya binadamu. Mafua ya kawaida ya watu hushika hii ya pili, kama ufunguo na kufuli lake, na ndiyo sababu huanza na kamasi na koo linalowasha. Kirusi cha ndege hakipati pa kushika huko juu, bali kikivutwa kwa wingi hadi chini kabisa, kwenye vifuko vidogo ambamo hewa safi huingia katika damu, hukuta seli zenye vipokezi vya namna ya ndege.

Hapo madhara huwa makubwa kwa njia mbili zinazosaidiana. Seli zinazoshambuliwa ndizo zinazotunza vifuko vya hewa visiporomoke, na zikifa vifuko hujaa maji. Wakati huo huo mwili, ambao kwa kawaida haujawahi kukutana na kirusi cha H5, hujibu kwa kumwaga kwa wingi kemikali za kuita askari wa kinga, na mwitikio huo ukipita kiasi huchoma pafu lile lile unalotaka kulilinda. Uchunguzi wa wagonjwa nchini Vietnam, uliochapishwa 2006, ulionyesha kwamba waliokufa walikuwa na virusi vingi zaidi na kemikali hizo nyingi zaidi kuliko waliopona. Dalili huanza siku mbili hadi tano baada ya kumgusa ndege, na kupumua kwa shida kunaweza kufuata ndani ya wiki moja.

Kwamba mahali pa kuingilia ndipo panapoamua ukali, ushahidi wake ulipatikana pia Uholanzi mwaka 2003, pale kirusi kingine cha kuku, H7N7, kilipothibitishwa kwa watu 89. Utando wa jicho la binadamu una vipokezi vya namna ya ndege, kwa hiyo walio wengi waliugua macho mekundu tu na wakapona, lakini daktari mmoja wa mifugo, ambaye kirusi kilimfika mapafuni, alikufa.

Mahali hapo hapo panapoua ndipo panapozuia ugonjwa kusambaa kati ya watu. Kirusi kilichojificha chini ya mapafu hakitoki kwa urahisi kwa kukohoa au kupiga chafya, kwani matone ya kikohozi huchotwa zaidi katika pua, koo na mirija ya juu, ambako kirusi hiki ni haba. Na hata kikitoka, anayekivuta naye hana vipokezi vinavyokifaa huko juu. Mfano ulio wazi ni wa Thailand, Septemba 2004. Msichana wa miaka 11 aliyekuwa akiishi na shangazi yake katika kijiji chenye kuku waliokufa aliugua nimonia, na mama yake akasafiri kutoka mji wa mbali kuja kumuuguza hospitalini kwa saa nyingi, akiwa karibu naye usiku kucha bila kinga yoyote. Mama, ambaye hakuwa amegusa kuku, aliambukizwa na akafa kama binti yake. Shangazi naye aliugua, lakini alipewa dawa ya oseltamivir akapona. Mnyororo uliishia hapo. Kirusi hakikuwa kimebadilika kwa namna ya maana, na uambukizo ulihitaji ukaribu wa muuguzi wa damu moja, wa saa nyingi mfululizo.

Kipo kizuizi cha pili, ndani ya seli. Kirusi kikiingia hutegemea protini ya mwenyeji iitwayo ANP32A ili kunakili chembe zake za urithi, nayo protini ya ndege ina kipande kirefu ambacho ile ya binadamu haina, hivyo mashine ya kirusi cha ndege husuasua ndani ya mtu, hasa katika pua yenye joto la nyuzi 33 hivi, baridi kuliko matumbo ya kuku. Badiliko moja katika protini ya kirusi iitwayo PB2, mahali pa 627, hutosha kuipa nguvu mashine hiyo, na limeonekana mara nyingi kwa wagonjwa. Lakini peke yake halijawahi kuzaa ugonjwa unaosambaa. Mwaka 2012 Ron Fouchier na wenzake wa Rotterdam walionyesha kwamba mabadiliko matano hivi, yakiwemo ya mshiko na ya uimara wa protini ya H, yalitosha kukifanya kirusi kipite hewani kati ya vicheche wa maabara. Kizuizi ni imara, lakini si cha milele.

Haya yote yana maana ya moja kwa moja katika vituo vya zoni za afya za Masisi, Mweso, Pinga au Walikale, ambako homa huanza kudhaniwa malaria. Mgonjwa mwenye homa na pumzi ya shida anapaswa kuulizwa kama katika siku kumi zilizopita alichinja au kunyonyoa kuku anayeumwa. Akikubali, sampuli ichukuliwe kooni na si puani tu, kwa kuwa kirusi hiki hupatikana zaidi kooni kuliko puani, ihifadhiwe kwenye baridi na ipelekwe kunakofanyika kipimo cha PCR. Oseltamivir, miligramu 75 mara mbili kwa siku kwa siku tano kwa mtu mzima, husaidia zaidi ikianza ndani ya saa 48, kwa hiyo haifai kungoja jibu. Anayemuuguza avae barakoa, na joto lake lipimwe kila siku kwa siku kumi. Ikitokea mtu ameugua bila kumgusa ndege wala kumuuguza mgonjwa wa nyumbani mwake, kisha mtu mwingine akaugua kutoka kwake, hiyo ndiyo taarifa ambayo haifai kulala kituoni hata usiku mmoja.