Kwa nini ayoni ya shaba yenye chaji moja haidumu majini

MTIHANI wa kemia unapomtaka mwanafunzi akadirie potenshali isiyotajwa katika mchoro, wengi huteleza kwa kutoa volti kutoka kwa volti. Kosa hilo hubainika upesi tukiichunguza shaba.

Mchoro wenyewe, uitwao wa Latimer kwa jina la mwanakemia Mmarekani Wendell Latimer, hupanga hali za elementi moja kwa mstari. Hali iliyopoteza elektroni nyingi zaidi huwa kushoto, na juu ya kila mshale huandikwa potenshali ya hatua hiyo:

```
Cu²⁺ --( ? )--> Cu⁺ --(+0.52 V)--> Cu
Cu²⁺ ----------(+0.34 V)---------> Cu
```

Volti hazijumlishwi zenyewe kwa zenyewe, kwani kila moja ni nishati iliyogawanywa kwa idadi ya elektroni. Kinachojumlishwa ni nishati, yaani volti zikizidishwa kwa elektroni zilizopokewa. Safari nzima huchukua elektroni mbili: 2 × 0.34 ni 0.68. Hatua ya pili huchukua moja: 1 × 0.52 ni 0.52. Kinachosalia ni 0.16, na kwa kuwa hatua ya kwanza nayo ni ya elektroni moja, potenshali yake ni +0.16 V. Aliyetoa 0.52 kutoka 0.34 atapata −0.18, jibu lisilo na maana yoyote hapa.

Sasa tulinganishe pande mbili za Cu⁺. Kulia kuna 0.52, kushoto 0.16. Namba ya kulia ikiwa kubwa kuliko ya kushoto, hali iliyo katikati haina utulivu: ayoni moja humnyang'anya mwenziwe elektroni, ya kwanza ikawa shaba na ya pili ikawa Cu²⁺. Tofauti ni 0.36 V, ambayo katika nyuzijoto 25 hutoa kima cha usawazisho cha takriban milioni moja. Kwa hiyo Cu⁺ huru karibu itoweke yote.

Ushahidi huonekana kwa macho. Tia oksaidi nyekundu ya shaba katika asidi ya salfuriki iliyozimuliwa: maji hugeuka samawati kwa Cu²⁺, na unga wa shaba wa rangi ya kahawia nyekundu hutuama chini.

Hata hivyo, hukumu hii ni ya ayoni zilizo huru majini. Penye ayodaidi, Cu⁺ hunaswa ndani ya CuI isiyoyeyuka. Hapo hatua ya kwanza hupanda hadi +0.86 V na ya pili hushuka hadi −0.18 V. Jumla ingali 0.68, lakini sasa kushoto ndiko kukubwa, na CuI hudumu bila kujigawa. Kabla ya kutoa uamuzi, basi, sharti mtu aulize kwanza ni nini kingine kilichomo ndani ya chombo.