Mbu wa Kisumu na Jeni Inayoshuhudia

Mbu akigusa chandarua chenye dawa anatakiwa afe. Siku hizi, katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, anagusa, anatulia kidogo, kisha anaruka zake. Wapo wanaookolewa na vimeng'enya vilivyomo mwilini mwao, ambavyo huivunja dawa kabla haijafika kwenye neva. Kwa mbu aina ya Anopheles gambiae, kimojawapo cha vimeng'enya hivyo hutengenezwa kwa maelekezo ya jeni iitwayo CYP6P3, na imeonekana maabara kwamba kinaweza kuvunja permethrini na deltamethrini, dawa mbili zinazotumika sana kwenye vyandarua.

Jeni hiyo kila mbu anayo, yule anayekufa na yule anayepona. Kinachotofautiana ni kasi ya kazi yake. Jeni ikifanya kazi hutoa nakala za ujumbe, yaani RNA, na nakala zikiwa nyingi kimeng'enya nacho huwa kingi. Kwa hiyo mtafiti haulizi kama mbu ana CYP6P3. Anauliza: nakala zake ni nyingi mara ngapi kuliko za mbu asiye sugu?

Mbu wa kulinganisha naye yupo, na asili yake ni hapa hapa kwetu. Katika miaka ya 1970 walikusanywa mbu Kisumu, Kenya, wakati usugu wa dawa hizi haujaenea. Kizazi chao kimefugwa maabara hadi leo, na maabara za nchi nyingi hukitumia kama kipimo cha mbu anayekufa kwa dawa. Jina lake ni hilo hilo: Kisumu.

Kazi yenyewe huanza na kibano. Mtafiti huchukua majike kumi wa Kisumu na majike kumi wa kutoka kijijini, wote wa umri wa siku tatu hadi tano na wasionyonya damu, kwa sababu umri na mlo pia hubadilisha kazi ya jeni. Kila kundi husagwa ndani ya kijichupa kwa mchi mdogo wa plastiki, RNA ikatolewa, mabaki ya DNA yakasafishwa, kisha RNA ikageuzwa kuwa cDNA, ambayo mashine ya PCR inaweza kuizidisha. Matone yake huwekwa kwenye sahani yenye vishimo 96 pamoja na rangi inayong'aa inaposhika DNA.

Katika kila mzunguko, vipande vya jeni inayotafutwa huongezeka maradufu: kimoja huwa viwili, viwili huwa vinne. Mwanzoni mng'aro ni hafifu mno hata mashine haiuoni. Unapofika kizingiti kilichowekwa, mashine huandika namba ya mzunguko huo. Namba hiyo ndiyo Ct. Aliyeanza na nakala nyingi hufika mapema, kwa hiyo Ct ndogo ina maana ya ujumbe mwingi. Tofauti ya mzunguko mmoja ni mara mbili, ya mizunguko mitatu ni mara nane.

Tuchukue namba za mfano. Mbu wa Kisumu wametoa Ct ya 27.0 kwa CYP6P3, na mbu wa kijijini 23.5. Tofauti ni mizunguko 3.5, sawa na zaidi ya mara kumi na moja. Mtu mwenye haraka angeandika hivyo na kufunga daftari.

Angekosea. Pengine mbu wa kijijini walikuwa wakubwa zaidi, au RNA ya kijichupa chao ilitoka nyingi, au mkono uliongeza tone. RNA ikizidi, kila jeni itaonekana imeongeza kazi. Ndipo inapohitajika jeni rejea: jeni ambayo kazi yake haibadiliki, mbu awe sugu au asiwe. Kwa mbu hawa hutumika mara nyingi S7, jeni ya protini iliyomo katika ribosomu, viwanda vya kuunda protini ambavyo kila seli inavihitaji. S7 hupimwa katika cDNA ile ile, na kazi yake ni kushuhudia kiasi gani cha malighafi kiliingia.

Katika mfano wetu, S7 imetoa 19.0 kwa Kisumu na 18.5 kwa kijijini. Kumbe cDNA ya kijijini ilikuwa nyingi kidogo. Sasa hesabu:

```
Kisumu:    ΔCt = 27.0 - 19.0 = 8.0
Kijijini:  ΔCt = 23.5 - 18.5 = 5.0
ΔΔCt = 5.0 - 8.0 = -3.0
2^-ΔΔCt = 2^3 = 8
```

Delta ya kwanza huondoa tofauti ya malighafi, na ya pili hulinganisha kundi na kundi. Jibu ni mara nane, si mara kumi na moja. Njia hii ilielezwa na Livak na Schmittgen mwaka 2001, na uzuri wake ni kwamba inafanyika hata kwa kalamu na karatasi.

Lakini hesabu nzima inamtegemea shahidi, na shahidi naye anaweza kuyumba. GAPDH, jeni iliyotumika kama rejea kwa miaka mingi katika seli za binadamu, hupanda yenyewe seli zinapokosa oksijeni. Anayepima athari za ukosefu wa oksijeni kwa kutumia GAPDH anapima kwa kipimo kinachorefuka mkononi mwake. Mwaka 2002 Vandesompele na wenzake wa Ghent, Ubelgiji, walionyesha kwamba jeni rejea moja inaweza kupotosha sana, wakashauri zitumike kadhaa zilizothibitishwa kuwa tulivu. Kwa mbu wetu, mtafiti makini huongeza ya pili, kwa mfano aktini. S7 ikitoa mara nane na aktini ikatoa mara tatu, jibu bado halijapatikana.

Jambo la pili la kukagua ni ule udhanifu wa "maradufu". Hukaguliwa kwa kuzimua cDNA mara kumi, tena mara kumi, na kuendelea. Kila hatua inapaswa kuongeza Ct kwa takriban 3.3. Ikiongeza 3.6, jeni hiyo haiongezeki mara 2 kwa mzunguko bali mara 1.9 tu. Inaonekana tofauti ndogo, lakini CYP6P3 ikiwa hivyo na S7 ikabaki sawa, mara nane yetu inashuka hadi karibu 6.7. Pfaffl, mwaka huo huo wa 2001, alitoa hesabu inayotumia kasi halisi ya kila jeni. Na kwa mbu wa porini kuna mtego mwingine: herufi moja ya DNA ikitofautiana mahali praima inaposhika, Ct hupanda na jeni inayofanya kazi sana huonekana imelala.

Hata mara nane iliyopatikana kwa uangalifu haithibitishi kwamba CYP6P3 ndiyo iliyomwokoa mbu. Inasema ujumbe ni mwingi, basi. Huenda kilichomwokoa ni badiliko la DNA katika neva zenyewe. Ndiyo maana mbu hujaribiwa pia kwa PBO, kemikali inayozuia vimeng'enya vya kundi hili: waliokuwa wakipona wakianza kufa, vimeng'enya vinahusika. Vyandarua vyenye PBO vilijaribiwa vijijini Muleba, mkoani Kagera, na kufuatia matokeo ya huko Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2017 vitumike mahali penye usugu wa aina hii.