Dakika tatu kabla ya mgeni kusimama

Kwenye siku ya fani za kazi shuleni, anayemkaribisha mgeni aliyewahi kusoma hapohapo huwa ni mwalimu wa taaluma, kaka mkuu au dada mkuu. Huanza na orodha ya waheshimiwa wa meza kuu mpaka akumbuke kusema itifaki imezingatiwa. Kisha husoma wasifu: mgeni alimaliza mwaka fulani, akaenda chuo fulani, sasa ana cheo fulani. Makofi. Wanafunzi wamesikia alikotoka na alikofika. Cha katikati kimerukwa, nacho ndicho walichokihitaji, maana baadhi yao wako karibu kuchagua masomo.

Tuchukue sekondari ya Tanzania na mgeni aliye tabibu. Katika utaratibu uliozoeleka kwa miaka mingi, mwanafunzi anayeingia kidato cha tatu huamua kama ataendelea na fizikia na kemia au ataziacha. Biolojia na hisabati husomwa na wote. Fizikia hukimbiwa sana, na sababu mara nyingi si fizikia yenyewe: mwalimu mkali, mtihani mmoja uliokwenda vibaya, au rafiki wa dawati moja aliyehamia sanaa. Lakini stashahada ya utabibu inadai ufaulu wa fizikia, kemia na biolojia katika kidato cha nne. Mwenye biolojia nzuri bila fizikia haingii.

Yako mengine ambayo hata walimu husahau kuyasema. Tabibu mwenye stashahada anayetaka kwenda chuo kikuu kusomea udaktari hutakiwa awe na wastani wa B, au GPA isiyopungua 3.0. Juu ya hapo hufunguliwa tena cheti chake cha kidato cha nne: anatakiwa awe na angalau D katika hisabati, fizikia, kemia, biolojia na Kiingereza. D huanzia alama 30. Aliyepata 28 ya hisabati akiwa na miaka kumi na saba anaweza kuzuiwa na alama hiyo akiwa tayari amehudumia wagonjwa miaka kumi.

Habari kama hizi hazimo kwenye wasifu. Inabidi mwandishi wa hotuba ampigie mgeni simu wiki moja kabla, amuulize somo gani alikaribia kuliacha, nani alimzuia, na ni alama ipi ya kidato cha nne iliyomrudia baadaye. Aombe pia ruhusa ya kuzitaja alama hizo, kwani si kila mtu anapenda F yake isomwe kwenye kipaza sauti. Aulize na cheo. Mtaani kila mwenye koti jeupe ni daktari, lakini ukimwita tabibu daktari mbele ya wanafunzi, umewachanganyia njia mbili zenye masharti tofauti. Sifa za kujiunga nazo hubadilika, hivyo zikaguliwe kwenye miongozo ya mwaka huo ya NACTVET na TCU.

Baada ya simu hiyo, hotuba inaweza kuwa fupi hivi:

“Mheshimiwa mgeni rasmi, mkuu wa shule, walimu na wanafunzi wenzangu. Mgeni wetu aliketi kwenye madarasa haya. Alipomaliza kidato cha pili aliandika kwenye fomu kwamba anaacha fizikia. Mwalimu wake wa biolojia akamrudishia fomu, akamwambia akalale nayo siku moja. Kidato cha nne alipata D ya fizikia, na D hiyo ikatosha kumwingiza chuo cha utabibu. Hisabati alipata F. Aliporudia mtihani huo kama mtahiniwa wa kujitegemea, alikuwa tayari ameajiriwa. Kidato cha pili, fomu zenu zinakuja. Kidato cha nne, mtihani wenu hauko mbali. Kilichomfanya arudie hisabati atakisimulia mwenyewe. Karibu, kaka yetu.”

Msomaji ataona hotuba imenyamaza mahali. Imetaja hisabati bila kueleza kisa chake, kwa sababu kisa ni mali ya mgeni. Msemaji anayemaliza kila kitu humwachia mgeni kazi ya kurudia, naye huishia kusema someni kwa bidii.

Binafsi ningeongeza sentensi moja kama mgeni ataridhia: kwamba darasani kwao walikuwepo walioacha fizikia wakafanikiwa kwenye uhasibu au ualimu. Shule hualika waliofika, na mwanafunzi anayemsikiliza tabibu peke yake anaweza kung’ang’ania sayansi asiyoiweza kwa kuwa imemtoa mtu mmoja. Ikiwezekana, waalikwe wawili wa darasa moja waliotengana kidato cha tatu, na anayewakaribisha aanzie kwenye fomu zao mbili. Maswali ya wanafunzi basi hayatakuwa tena ya mshahara tu. Yupo atakayeuliza kama 28 yake ya muhula uliopita inaweza kupanda, na hapo mwalimu wa hisabati awe ukumbini.