Chupa ya dola 4 inapofika Dar

Tuseme umeagiza chupa za chai 500 kutoka Guangzhou kwa dola 2,000. Nauli ya meli ni 480, bima 20. Forodha haikutozi kwa bei ya kiwandani. Inaanzia kwenye jumla hiyo, 2,500, na hapo ndipo wageni wengi hukosea hesabu. Kama kundi la bidhaa linatozwa asilimia 25, ushuru ni 625. VAT ya asilimia 18 hupigwa juu ya 3,125, yaani 562.50. Weka wakala, bandari na lori, tuseme 312.50, mbali na tozo ndogondogo za forodha. Umefika 4,000: kila chupa dola 8. Nyaraka zikichelewa, gharama za kuhifadhi mzigo bandarini zinaongezeka.