Risala ya Nani, Mbele ya Nani?

Kuanzia Agosti hivi, mahafali ya darasa la saba yanapokaribia, steshenari zilizo jirani na ofisi za halmashauri hupata mteja wa aina moja. Anaingia, anasalimia, anasema, "Naomba mniandikie risala." Baada ya hapo ananyamaza na kusubiri bei. Mwezi mwingine atakuja wa CV, wa barua, wa hotuba. Kila mmoja hutaja jina la karatasi anayoitaka, na kwake hilo linatosha, kwa kuwa shughuli nzima anaiona kichwani: uwanja, turubai, meza kuu. Anayeandika haoni hata kimoja.

Kazi yangu ni kuandikia watu, na ninaloamini kuhusu kazi hii ni kwamba mwandishi asiyeuliza ni karani wa kunakili tu. Atafungua faili la mwaka jana, atabadilisha jina la shule, atachapa. Ndiyo maana tunasikia risala zinazomwita padri "Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya", au zinazoomba kompyuta kwenye shule ambayo nguzo za umeme bado hazijaifikia.

Nieleze kwa kazi moja, maana ndani yake yamo yote.

Mwalimu mmoja kijana alikuja jioni, begi mgongoni.

"Shikamoo mzee. Nahitaji risala, kesho kutwa tuna mahafali."

"Marahaba, mwalimu. Mgeni rasmi nani?"

"Diwani wetu."

"Atakayesoma?"

"Wanafunzi wawili, wa kike na wa kiume. Watapokezana."

"Na ratiba imewapa dakika ngapi?"

Akatoa ratiba kwenye begi. Risala ya wahitimu, dakika 5.

Maswali matatu, na karatasi ilishaanza kuonekana. Angalia nilivyoyapanga. Watu wengi huanza na urefu, "kurasa ngapi?", kwa kuwa bei huenda kwa kurasa. Mimi naanza na atakayesikiliza, kwa sababu ndiye anayeamua mengine. Risala husomwa na wenyeji mbele ya mgeni, kisha anakabidhiwa nakala mkononi. Hotuba ni jibu la mgeni kwa wenyeji. Wapo wanaoomba hotuba wakimaanisha risala, na huwa siwasahihishi. Nikishajua nani anasoma mbele ya nani, aina ya andiko imejitaja yenyewe.

Diwani anaingia kwenye baraza la madiwani, na shule ya msingi iko chini ya halmashauri. Kwa hiyo ombi la madawati au vyoo linamfaa. Anaweza kulisimamia kwenye vikao na kulifuatilia. Mgeni angekuwa mbunge, ningeuliza pia kama kamati ya shule imewahi kupeleka maombi kwenye Mfuko wa Jimbo, ule uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2009 na ambao kamati yake huongozwa na mbunge. Angekuwa mfanyabiashara mzaliwa wa kijiji, ombi lingekuwa la kitu kimoja kinachonunulika, na asingepangiwa kiasi mbele ya watu. Shida za shule ni zilezile. Kinachobadilika ni uwezo wa anayeombwa.

Mwalimu alikuwa na orodha ya changamoto saba: madawati, vyoo, uzio, nyumba za walimu, maji, barabara, viwanja vya michezo. Nilimwomba achague mbili. Akaona nampunja. Nikamweleza kinachotokea: mgeni akisomewa mambo saba, hujibu yote kwa sentensi moja, "Nimeyapokea, nitayafanyia kazi," na watu hupiga makofi. Akisomewa mawili yenye hesabu kamili, inambidi aseme kitu juu ya kila moja, kwa kuwa wazazi wameisikia namba na wanasubiri namba.

Tukaanza na madawati. "Tuna uhaba mkubwa" haitoshi. Nilimuuliza ni watoto wangapi wanaokaa chini. Akasema ni darasa la kwanza na la pili, jumla 96. Dawati la pale hukaliwa na watoto watatu, kwa hiyo upungufu ni madawati 32. Hiyo ndiyo namba ya kuandika.

Vyoo vilihitaji hesabu ndefu zaidi. Kipimo kinachotumika katika shule zetu ni tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Shule ina wasichana 240 na wavulana 225. Wasichana wanahitaji matundu 12, wavulana 9, jumla 21. Yaliyopo ni 12, yanapungua 9. Kisha nikamuuliza swali ambalo wengi hulisahau: wananchi wenyewe wamefanya nini? Ikabainika kuwa wazazi wameshachimba shimo na kufyatua tofali 2,000. Hilo lilitangulia kwenye aya, kabla ya ombi lenyewe. Diwani anapoona nguvu za wananchi zimeanza, anakuwa na hoja ya kupeleka kwenye kikao: kazi imeanza, inahitaji kumaliziwa.

Sehemu iliyotuchukua muda mrefu kuliko zote haikuwa ya maombi. Ilikuwa hesabu ya wahitimu. Mwalimu alinipa idadi: 88, wavulana 41 na wasichana 47. Nikauliza, walioandikishwa darasa la kwanza walikuwa wangapi? 97. Basi kuna 9 wasioonekana, na mgeni makini hulidaka hilo papo hapo. Mwalimu akasema sita walihama na wazazi wao. Watatu, akashusha sauti, waliacha shule.

Je, yaandikwe? Hapa hakuna kanuni itakayokuokoa, ila swali lilelile: watakaokuwa wanasikiliza ni nani? Diwani anapaswa kujua kwamba kuna utoro katani kwake. Lakini wazazi wa watoto hao watatu nao ni wanakijiji, huenda watakuwa wamekaa palepale chini ya turubai, na atakayesoma ni mtoto aliyekaa nao dawati moja. Tukakubaliana iandikwe kwa sentensi moja: sita walihamia shule nyingine na watatu hawakuendelea na masomo. Majina yasitajwe, sababu zisitajwe. Mwalimu mkuu angemweleza diwani mengine ofisini, wakati wa chai.

Urefu sasa. Maneno yetu ni marefu, na kipaza sauti kinataka utulivu. Kwa uzoefu wangu mtu mzima akisoma hadharani kwa mwendo mzuri husoma maneno kama 100 kwa dakika. Watoto wawili wanaopokezana, mmoja akimpisha mwenzake, nawakadiria 80. Dakika 5 ni maneno 400 basi, karibu ukurasa mmoja wa kawaida. Salamu na itifaki yakichukua 50, historia ya shule na safari ya wahitimu 120, shukrani za mwisho 50, maombi yanabakiwa na 180. Yaani 90 kwa madawati na 90 kwa vyoo. Uzio na barabara visingeingia hata kama tungetaka.

Kwa kuwa wasomaji ni watoto, sentensi nilizikata fupi, na kila zamu ya kupokezana ikaanza aya mpya yenye alama pembeni. "Miundombinu" nikaitoa, nikaandika "majengo". Kuna njia moja tu ya kupima kazi kama hii: simama, soma kwa sauti, saa mkononi. Mwalimu alisoma palepale dukani, dakika 4 na nusu. Alikwama mahali pawili, na hapo pawili nikaandika upya.

Shuleni hatufundishwi kuuliza hivi, na sababu naiona. Mtihani hutoa majibu kabla. Chukua Karatasi ya Kwanza ya Kiswahili katika mtihani wa kidato cha nne wa Kenya, KCSE: mtahiniwa anaandika insha mbili, ya kwanza ni ya lazima, na anaagizwa kila moja isipungue maneno 400. Swali la lazima kwa kawaida humwambia yeye ni nani, ni hotuba au ni barua, na anaihutubia hadhira gani. Aina, msikilizaji na urefu vyote vimechapwa kwenye karatasi. Mwanafunzi huyohuyo, miaka mitano baadaye, anaambiwa na bosi wake, "Niandalie hotuba," na anaingia kwenye kompyuta moja kwa moja.

CV nitaigusa kwa ufupi. Hapo swali ni moja, inakwenda wapi. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira huko Tanzania kwa kawaida hutaka wasifu wa kina wenye anwani na simu zinazopatikana na majina ya wadhamini watatu, pamoja na barua ya maombi iliyosainiwa na vyeti vilivyothibitishwa. Hapo kurasa tatu hazina ubaya. Meneja wa hoteli anayetafuta mhudumu atasoma nusu ukurasa wa juu, kwa hiyo lugha anazozijua mwombaji na mahali alipowahi kufanya kazi vikae huko juu, na jina la shule ya msingi liondoke kabisa. Nikishaoneshwa tangazo la kazi sina swali la ziada.

Maana kuuliza nako kuna mwisho wake. Mteja akimwagiwa maswali kumi mfululizo atadhani yuko kituo cha polisi, na hatarudi. Kipimo changu ni hiki: majibu mawili tofauti yangezaa karatasi mbili tofauti? Kama ndiyo, nauliza. Kama hayabadilishi kitu, naamua mwenyewe na kumwonesha rasimu. Rangi ya jalada sijawahi kuuliza. Mgeni rasmi ni nani nauliza hata kama mteja ana haraka ya kuwahi basi.

Tatizo gumu ni pale mteja mwenyewe hajui. Kamati imealika watu watatu na hakuna aliyethibitisha. Hapo naandika mwili mmoja wa risala, kisha natenga vipande viwili vinavyoweza kubadilishwa: mstari wa kumtambua mgeni, na aya ya maombi. Mwalimu yule niliwahi kumtayarishia aya ya pili ya akiba, endapo diwani angemtuma mtendaji wa kata amwakilishe. Ndani yake madawati 32 na matundu 9 yalibaki vilevile, ila mwakilishi aliombwa ayafikishe kwa diwani na kuujulisha uongozi wa shule tarehe ya kikao yatakapojadiliwa.